Pedi namba 3 na pedi namba 6: jinsi betri ya PS4 inavyochoka na siku ya kuibadilisha

Katika kibanda changu cha gemu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ninazo pedi nane za PS4, na kila moja ina namba niliyoiandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito. Namba hizo niliziweka mwanzoni ili kuzuia ugomvi wa vijana juu ya nani anashika pedi ipi, lakini baadaye ndizo zilizonifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu betri za vidhibiti hivi. Pedi zote nane nilizinunua kwa mkupuo mmoja zikiwa mpya, zote ni za toleo moja, na zote zimefanya kazi chini ya paa moja. Mwaka mmoja na nusu baadaye, pedi namba 6 ilikuwa bado inamaliza jioni nzima bila waya, wakati pedi namba 3 ilikuwa inazimika kabla mechi tano hazijaisha. Nilitaka kujua kwa nini.

Wazo la kwanza lililonijia ni lile linalowajia wengi, kwamba pedi namba 3 imechezwa zaidi. Daftari langu lilikataa. Pedi namba 1 hadi 4 zilikuwa kwenye meza mbili za nyuma, ambako wateja ni wachache, na pedi namba 5 hadi 8 zilikuwa mbele, mahali panapojaa watu tangu saa nane mchana hadi saa tatu usiku. Zilizochezwa zaidi ndizo zilizobaki na nguvu. Tofauti kubwa kati ya meza za mbele na za nyuma ilikuwa waya. Kule nyuma niliacha pedi zimechomekwa kwenye mashine mchana kutwa na usiku kucha, kwa kuamini kwamba pedi iliyojaa muda wote ni pedi iliyotunzwa. Tena ubao wa kuziwekea ulikuwa nyuma kidogo ya PS4, pale ambapo feni inatoa hewa ya moto. Mbele waya mrefu haukuwepo, kwa hiyo kijana anayenisaidia alikuwa anaacha pedi ichezwe hadi alama ya chaji kwenye skrini ibaki na kibao kimoja, kisha anaichaji na kuichomoa.

Ili kuielewa tofauti hiyo, inafaa kujua kilichomo ndani. Pedi ya PS4 ina betri moja bapa ya lithiamu, iliyoandikwa LIP1522, yenye uwezo wa mAh 1000, yaani miliampia 1000 kwa muda wa saa moja. Ikijaa kabisa huwa na volti 4.2, na ikikaribia kuisha hushuka hadi kama volti 3. Chaji ndani yake ni chembe za lithiamu zinazosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila zinapofika upande wa kaboni, sehemu ndogo sana hunaswa katika utando mwembamba unaojijenga pale na hairudi tena kazini. Utando huo hujijenga hata pedi ikiwa imelala kabatini. Vitu viwili huuharakisha kuliko vingine: volti ya juu, yaani betri kukaa imejaa pomoni, na joto. Pedi zangu za nyuma zilikuwa zinapewa vyote viwili kwa pamoja, saa ishirini na nne kwa siku.

Hapa lazima niwatendee haki waliotengeneza pedi. Saketi yake haiendelei kusukuma umeme kwenye betri iliyokwisha kujaa. Inakata, na ikiona imeshuka kidogo inaijazia. Kwa hiyo si kweli kwamba pedi iliyoachwa kwenye waya "inachajiwa kupita kiasi" hadi ilipuke, kama nilivyowahi kuambiwa na wateja. Kinachotokea ni cha polepole zaidi: betri inashikiliwa kwenye kilele cha volti 4.2 wiki baada ya wiki, na uwezo wake unapungua bila mtu kuona.

Kuona kunahitaji kipimo. Vile vibao vitatu vinavyojitokeza kwenye skrini ukibonyeza na kushikilia kitufe cha PS havitoshi, kwa sababu vinakadiria chaji iliyobaki na havisemi chochote kuhusu ukubwa wa debe lenyewe. Betri iliyobaki na theluthi ya uwezo wake itaonesha vibao vitatu kamili ikijaa, kama ndoo iliyojaa mchanga hadi katikati inavyoonekana imejaa maji. Njia niliyoitumia ni ya muda, na mtu yeyote mwenye mashine na saa anaweza kuifuata. Unachaji pedi hadi ijae, unaichomoa, unaingia kwenye mipangilio ya mashine na katika `Set Time Until Controllers Turn Off` unachagua `Do Not Turn Off`, kisha unaiacha imewaka bila kuchezwa, bila mtetemo, taa ya mbele ikiwa kwenye kiwango kile kile cha mwanga kila mara. Unaandika saa uliyoanza na saa ilipozimika. Siku nilizonunua pedi zangu nilipima mbili kwa namna hiyo, kwa udadisi tu, na zote zilikaa karibu saa saba na nusu, yaani dakika 450. Namba hiyo niliyoiandika bila kujua itanifaa ndiyo imekuwa rula yangu.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nikapima tena. Pedi namba 6 ilikaa saa tano na dakika 40, ambazo ni dakika 340. Ukigawa 340 kwa 450 unapata asilimia 75 na ushei, kwa hiyo betri ile ya mAh 1000 sasa inabeba kama 750. Pedi namba 3 ilikaa saa mbili na robo, dakika 135, ambazo ni asilimia 30 tu. Pedi namba 1, 2 na 4 zilikuwa jirani na namba 3, na 5, 7 na 8 zilikuwa jirani na namba 6. Sitaki kudai kwamba kibanda changu ni maabara, kwa kuwa waya na joto la feni vilikuwa pamoja na siwezi kuvitenganisha, lakini pengo lilikuwa kubwa mno kuitwa bahati.

Jambo moja la huku kwetu linaweza kumdanganya anayepima, nalo ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Mbeya hushuka hadi nyuzi sita hivi, na kibanda cha mabati hakina cha kuizuia. Asubuhi moja ya Julai nilianza kupima pedi namba 6 ikiwa imelala kibandani, na ilizimika karibu nusu saa mapema kuliko nilipoipima mchana. Betri haikuwa imeharibika. Baridi hufanya chembe zile zitembee kwa uzito, volti inashuka mapema, na pedi inadhani imeisha. Ikipata joto la mikono na la chumba, nguvu hiyo inarudi. Kwa hiyo pima mchana, na linganisha mchana na mchana. Kuhifadhi betri mahali penye ubaridi wa wastani ni neema kwake, na naamini pedi za Mbeya na Iringa zina nafasi ya kuishi muda mrefu kuliko zile zinazokaa kwenye joto la Dar es Salaam. Kuchaji kwenye baridi kali ni jambo lingine. Rafiki yangu wa Makete, ambako kuna asubuhi zenye sakitu nyeupe juu ya majani, nimemsihi asichomeke pedi iliyolala kwenye stoo mpaka imekaa ndani ya nyumba saa moja au mbili, kwa sababu betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hujipaka kama chuma juu ya kaboni badala ya kuingia ndani, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Baada ya vipimo vile nilibadili utaratibu wa meza za nyuma. Waya wa kudumu niliuondoa, na ubao wa pedi niliuhamishia ukutani mbali na hewa ya feni. Pedi inachezwa hadi mashine itoe taarifa kwamba chaji ni ndogo, kisha inachomekwa. Hakuna haja ya kuimaliza hadi izimike, kwa maana betri hizi hazina ile kumbukumbu ya betri za zamani zilizotakiwa kumalizwa kabisa kabla ya kuchajiwa; kuimaliza kila mara kunaichosha zaidi. Kutoka karibu sifuri hadi kujaa ni kama saa mbili, lakini saa ya kwanza ndiyo inayoingiza sehemu kubwa, kwa sababu mwishoni saketi inapunguza mkondo kadiri volti inavyokaribia 4.2. Kwa hiyo mchana, wateja wakisubiri, saa moja ya waya inanitosha, na pedi inarudi mezani ikiwa haijafika kile kilele kinachoichosha.

Ugumu uko katika kujua imejaa lini. Mashine ikiwa imewashwa, taa ya pedi inaonesha rangi ya mchezaji, na haisemi lolote juu ya chaji. Mashine ikiwa kwenye `Rest Mode` taa inapumua polepole kwa rangi ya machungwa na inazimika ikijaa. Kwa chaji ya usiku nimeweka `Supply Power to USB Ports` kwenye `3 Hours`, ili umeme wa matundu ukatike wenyewe baada ya saa tatu hata kama nimelala. Pedi inabaki imejaa hadi mchana, jambo ambalo si bora kabisa, ila halifanani na kushikiliwa kwenye kilele siku saba za wiki pembeni ya feni.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo nililifanya mwenyewe. Tulipopata msiba Tukuyu nilifunga kibanda miezi miwili na zaidi, na nikaacha pedi mbili kabatini zikiwa zimekwisha chaji. Betri hupoteza chaji kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa, na saketi yake ndogo ya ulinzi nayo inakula. Niliporudi zilikuwa kimya. Moja iliamka baada ya kuachwa kwenye waya zaidi ya nusu saa bila dalili yoyote. Nyingine haikuamka tena. Tangu hapo, nikijua nitafunga kwa muda, ninaziacha pedi zikiwa na vibao viwili, mahali pakavu, na nikikaa muda mrefu namwomba kijana azichaji kidogo katikati.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa zaidi kibandani: ni lini ubadilishe? Wahandisi wengi huhesabu kwamba betri imemaliza maisha yake ya kazi ikifika asilimia 80 ya uwezo wa awali. Kwa pedi ya gemu naona kipimo hicho ni kikali mno. Pedi namba 6 yenye asilimia 75 bado inacheza jioni nzima, na kuitupa betri yake kungekuwa upotevu. Mimi nimeweka mpaka wangu kwenye nusu. Ikishuka chini ya nusu, pedi inakuwa kwenye waya mara kwa mara, na tundu la kuchajia linaanza kulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa, na tundu ni gumu kutengeneza kuliko betri.

Dalili moja inanifanya nisisubiri hata kipimo. Kijana anapiga shuti, pedi inatetemeka, na papo hapo inazimika, ingawa sekunde moja kabla ilikuwa na vibao viwili. Mara ya kwanza mteja alipolalamika nilidhani ameibonyeza vibaya. Kumbe betri iliyochakaa hupata ukinzani mkubwa ndani yake, kwa hiyo mota za mtetemo zinapovuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inadondoka chini ya kiwango na pedi inakata. Ukizima mtetemo inaendelea kwa muda. Dalili nyingine ni ile ya kujaa upesi na kuisha upesi, taa ya machungwa ikizimika baada ya dakika ishirini. Lakini usichanganye na tundu bovu: kama taa inawaka na kuzimika unapotikisa waya, betri haina kosa, na betri mpya haitakusaidia kitu.

Dalili ya tatu haina mjadala. Pedi namba 2 ilianza kuachia upande mmoja pale ambapo kifuniko cha mbele na cha nyuma vinakutana, ufa wa kupitisha ukucha, na skurubu zote zilikuwa zimekaza. Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee hapa sokoni. Aliigeuza mara moja tu, akaniambia, "Mwanangu, hii usiichomeke tena hata dakika moja." Alipoifungua, betri ilikuwa imevimba katikati kama mto mdogo. Hiyo ni gesi inayotokana na kuharibika kwa vimiminika vya ndani, na betri ya namna hiyo haibonyezwi ili irudi kuwa bapa, haitobolewi, wala haichajiwi.

Kubadilisha kwenyewe hakutishi. Soma kwanza kibandiko cha nyuma: toleo la kwanza linaanza na CUH-ZCT1 na la pili na CUH-ZCT2, na plagi za betri zake hazilingani, ya kwanza ni kubwa na ya pili ni ndogo. Wengi hununua betri sahihi yenye plagi isiyoingia. Zima pedi, fungua skurubu nne za nyuma kwa bisibisi ndogo ya nyota, kisha tenganisha vifuniko ukianzia kwenye mishikio, taratibu, kwa sababu kifuniko cha nyuma kimeunganishwa na bodi kuu kwa utepe mwembamba unaopeleka chaji na taa. Ukivuta kwa pupa utaukata. Springi ndogo za L2 na R2 hupenda kuruka, kwa hiyo fungua juu ya kitambaa cheupe. Betri imelala katikati kwenye kitanda chake cha plastiki. Shika plagi yenyewe, usivute nyaya. Kabla ya kuchomeka mpya, weka ya zamani kando yake na uhakikishe waya mwekundu na mweusi viko upande ule ule, maana nimeshika betri moja ya bei nafuu ambayo nyaya zake zilikuwa zimepishana. Kama una mita, ipime: betri mpya yenye afya huja na volti kama 3.7 hivi, na ikiwa chini ya 3 irudishe dukani.

Kuhusu namba zinazoandikwa juu ya betri za kununua, kuwa mwangalifu. Kwa pedi namba 2 nilinunua betri iliyoandikwa mAh 2000, yenye umbo lile lile na unene ule ule wa ile ya mAh 1000. Kama maandishi yangekuwa ya kweli, ingekaa karibu saa kumi na tano. Nilipoipima kwa njia ile ile ilikaa saa sita kamili, dakika 360, ambazo kwa rula yangu ya 450 ni mAh 800. Ya pedi namba 3, iliyoandikwa mAh 1000 tu na iliyouzwa bei ya juu kidogo, ilikaa saa saba na dakika kumi, ambazo ni kama 955. Tangu hapo namwambia muuzaji waziwazi kwamba ninataka ile inayosema 1000.

Betri iliyovimba ya pedi namba 2 fundi aliifunga plagi yake kwa utepe wa umeme, akaiweka kwenye kopo la bati lenye mchanga, nje, mbali na uzio wa mbao. Nilimwomba asiichanganye na takataka zinazochomwa nyuma ya kibanda jioni, naye akasema hilo hakuhitaji kuambiwa. Pedi yenyewe ipo mezani sasa, na chini ya namba yake nimebandika kipande cha karatasi chenye tarehe ya betri mpya na zile dakika 360.